Mkazi Anayerejea

Asubuhi ile ilianza na ugomvi wa viatu. Bwana mmoja mwenye shingo nene aliibwaga simu yake juu ya kaunta, akaisukuma hadi mbele ya Msimbo, karani wa kampuni ya kusafirisha mizigo, akasema yeye si mtoto wa kuchezewa. Alinunua viatu mtandaoni, akalipa kila kitu, na sasa dereva wao amemfuata hadi nyumbani kumdai pesa nyingine mlangoni, tena mbele ya wakwe zake.

Msimbo alivaa miwani akasoma risiti ya duka taratibu, maana mteja mwenye hasira ukimjibu upesi anadhani unamdharau. Msimbo si jina alilopewa na mama yake. Wenzake wa pale ghalani ndio waliombatiza hivyo, kwa kuwa kila bidhaa inayovuka mpaka ina msimbo wake wa forodha, na yeye alikuwa nayo kichwani kama watu wengine walivyo na majina ya shangazi zao. Ukimwonyesha mwavuli, kabla hujaufungua, amekwisha kukutajia tarakimu.

"Kaka yangu, hapa umelipa bei na usafiri tu," alisema. "Soma hapa chini: ushuru na kodi atalipa mpokeaji."

"Maandishi madogo kama chawa, nani anayaona?"

"Anayedaiwa huyaona, lakini baadaye." Msimbo alimrudishia simu. "Ushuru haupotei, kaka. Duka likikutoza palepale unapolipia, sisi tunaulipa forodha kwa niaba yako na mzigo unakujia kimya kimya. Duka lisipokutoza, ushuru unatangulia kukaa mlangoni kwako unakusubiri. Ni mmoja ama mwingine."

Bwana yule alilipa huku akilaani kizazi kizima cha wenye maduka, akaondoka na viatu vyake kwapani. Dereva, kijana wa maneno mengi aliyekuwa akisubiri orodha yake ya siku, alicheka mpaka akajifuta machozi. "Da Msimbo, siku moja utamtoza mtu hata pumzi."

Ni Dereva huyo huyo aliyeleta habari ya sanduku. Alisema limeingia na ndege ya jana, la bati, lina kufuli, na lina ubaridi usiopendeza. Alilishika mpini akaona vidole vinakufa ganzi. Msimbo alimwambia aache uvivu wa kutafuta visingizio. Kisha akaenda mwenyewe kwenye rafu ya mizigo inayosubiri nyaraka, akasoma jina la mpokeaji kwenye hati ya usafirishaji, na lilikuwa jina la mama yake.

Mtumaji alikuwa ghala la baridi, kule ng'ambo, mahali wanapohifadhi nyama na samaki. Huko ndiko alikokuwa akifanya kazi mdogo wake, Kitinda, mtoto wa mwisho wa nyumba yao. Kitinda alikuwa hajapiga simu kwa muda. Mama alisema labda amebadilisha laini, na Msimbo alikubali, kwa kuwa kukubali kulikuwa rahisi kuliko kufikiri.

Juu ya sanduku kulikuwa na mfuko wa plastiki wa nyaraka, ule unaobandikwa nje ili forodha wasome bila kufungua mzigo. Aliuchana kama alivyochana mifuko mingine maelfu. Ndani mlikuwa na ankara ya proforma, yaani ya makadirio tu, kwa sababu hapakuwa na mauzo yoyote. Mlikuwa na pasi ya kusafiria ya Kitinda, imekatwa kona, na pasi haikatwi kona ila ikiwa imebatilishwa. Mlikuwa na cheti cha kifo. Na mlikuwa na barua fupi, yenye adabu, iliyosema kwamba hitilafu ilitokea kwenye mlango wa chumba cha kugandishia, kwamba walipiga namba ya ndugu wa karibu isipokelewe, kwamba amezikwa hukohuko kwa heshima zote, na kwamba vitu vyake vinarejeshwa kwa mama yake mzazi.

Msimbo alikaa juu ya mzani wa mizigo. Mzani ukaandika uzito wake kwa tarakimu nyekundu, na hakuna aliyecheka.

Hakulia. Kazi hii inamfundisha mtu kumaliza nyaraka kwanza. Aliigeukia ankara akaona wamejaza thamani sifuri, kila mstari. Koti la sufi lililotumika, sifuri. Kandambili, sifuri. Redio ndogo, sifuri. Alijua atakayoambiwa na afisa wa forodha, mzee aliyekaa kwenye kijumba cha vioo palepale ghalani, ambaye watu walimwita Mzee Fungua kwa kuwa neno lake la kwanza kwa kila mzigo lilikuwa hilo. Mzee Fungua hakubali sifuri. Hata kitu kisichotozwa ushuru lazima kiwe na thamani, angalau kwa ajili ya forodha, ndivyo anavyosema kila siku, na anasema kweli. Kwa hiyo Msimbo alichukua kalamu akaanza kukadiria vitu vya mdogo wake. Koti aliliandikia thamani ya koti kuukuu. Redio vilevile. Alipofika kwenye kandambili kalamu ilikataa kwenda, kwa sababu alikumbuka jinsi Kitinda alivyoziburuta akitembea, mpaka mama akawa anamfokea kwamba anaamsha wafu.

Simu ikalia. Ni mama.

"Mwanangu, nimepata ujumbe hapa. Unasema kuna mzigo wangu umefika, unasubiri tamko la forodha. Mzigo gani? Nani ananitumia mimi mzigo?"

"Naufuatilia, mama."

"Kama ni wa Kitinda, mwambie hizo pesa angezifanya nauli aje yeye mwenyewe."

"Naufuatilia, mama."

Sasa hapo ndipo palipokuwa na kitanzi. Namba ya simu ya mama ilikuja na taarifa za awali, zile zinazotangulia kabla ya ndege, na ikishaingia hivyo hakuna karani anayeweza kuibadilisha. Kila hatua ya mzigo mfumo humpelekea mpokeaji ujumbe wenyewe, bila kumuuliza mtu. Na ujumbe wa tamko hutaja aina ya mzigo, na tamko lilitakiwa liingizwe siku ileile, kabla ghala halijafungwa. Vitu vya Kitinda vilikuwa na haki ya msamaha wa ushuru, na msamaha wake unaitwa Mali ya Marehemu. Msimbo akibonyeza hapo, mama atakuwa jikoni kwake, atachukua simu, atavaa miwani yake, na atasoma silabi kwa silabi, peke yake.

Kwenye orodha ya misamaha, mstari wa juu yake tu, kulikuwa na msamaha mwingine: Mkazi Anayerejea. Huo ni wa watu waliokaa ng'ambo wakarudi kwao na vyombo vyao vilivyotumika. Sharti lake ni moja: mwenye vitu aingie nchini, aje mwenyewe na pasi yake mbele ya afisa, atie saini. Asipokuja ndani ya muda, msamaha unafutika na ushuru wote unadaiwa mlangoni.

Msimbo alipiga hesabu yake haraka. Akiweka msamaha huo, mama atapata ujumbe usiouma. Mwenye vitu hatakuja, kwa kuwa hawezi kuja, na tamko litabaki limening'inia. Yeye ataenda nyumbani, atamkalisha mama chini, atamwambia kwa mdomo wake. Kisha ataomba marekebisho, aweke msamaha wa kweli, mambo yaishe. Makosa ya kuteleza mstari mmoja kwenye orodha hutokea kila siku, hata kwa waliosoma mpaka wakachoka.

Alifungia pasi, cheti na barua kwenye droo yake. Akabonyeza Mkazi Anayerejea.

Simu ililia kabla hajaondoa mkono. Mama alikuwa akicheka, na kwenye kicheko kile mlikuwa na machozi.

"Anarudi! Wewe ulijua! Ndiyo maana unanijibu kwa kifupi, mnanificha mnishangaze! Imeandikwa hapa, mkazi anayerejea. Mwanangu anarejea!"

Msimbo aliuvaa ufunguo wa droo shingoni. "Mama," alisema, "tutaongea nikija."

Alikwenda siku ya mapumziko. Alikuta kile chumba cha nyuma, kilichokuwa kimejaa magunia na ndoo, kimefagiliwa na kupigwa deki. Kitanda kilitandikwa shuka jipya lenye mikunjo ya dukani. Mama alikuwa amesuka nywele. Alikuwa ameshawaambia majirani wote, hata yule asiyesemeshana naye. Msimbo alikaa na kikombe cha chai kikapoa mkononi, akawa anajiambia akimaliza kumenya vitunguu hivi nitasema, akimaliza kufua kile kitambaa nitasema. Ng'ombe hashindwi na nunduye, wasema watu, lakini siku ile Msimbo alishindwa na nundu yake mwenyewe. Aliaga jua likiwa bado juu.

Mlangoni mama alimshika mkono. "Umesikia?"

"Nini?"

"Kama mtu anaburuta kandambili." Mama alitabasamu kwa haya. "Ni masikio ya kuzeeka haya. Yananiletea mambo kabla ya wakati."

Msimbo alitembea hadi kituoni bila kugeuka nyuma. Alijiambia kesho yake akifika kazini atapiga simu na kusema, liwalo na liwe.

Kesho yake alichelewa, akafika jua limekwisha kupanda, akamkuta Mzee Fungua amesimama nje ya kijumba chake cha vioo, amevaa sweta ndani ya joto lile.

"Wewe una roho ngumu," Mzee Fungua alisema. "Una ndugu yako wa damu anarudi kutoka ng'ambo, unamwingizia tamko, na huniambii? Mmefanana kama shilingi kwa ya pili."

"Nani, mzee?"

"Nani tena! Amekuja nilipofungua tu. Kijana mpole. Nimemwambia sanduku lako fungua, akafungua, nikakagua kitu kimoja kimoja, vyote vipo kama ulivyoandika. Isipokuwa koti, alikuwa amelivaa. Akatia saini, nimeruhusu mzigo, umekwenda." Mzee Fungua alijikumbatia mabega. "Ila kile kiyoyozi chenu kirekebisheni. Humu ndani leo barafu tupu."

Kiyoyozi cha pale kilikuwa kimekufa zamani, na Mzee Fungua mwenyewe ndiye aliyekuwa akilalamika kila wiki kwamba hakijazikwa.

"Alikupa pasi?" Msimbo aliuliza.

"Ningempitishaje bila pasi? Nakala hii hapa."

Ilikuwa nakala ya pasi ya Kitinda, ukurasa wa picha. Kona moja ya ukurasa haikuwepo. Msimbo aliweka kidole pale.

"Nimeiona," alisema Mzee Fungua. "Nikadhani ni hiyo mashine yenu imekata."

Msimbo alikwenda kwenye meza yake. Droo ilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa kwenye mkufu shingoni mwake, haujavuliwa tangu alipofunga. Alifungua. Cheti kilikuwepo. Barua ilikuwepo. Pasi ilikuwepo, na alipoigusa aliurudisha mkono wake haraka, kwa kuwa ilikuwa baridi kama nyama iliyotoka kugandishwa. Aliipekua kwa ncha za kucha. Kwenye ukurasa wa mwisho uliokuwa mtupu palikuwa na muhuri wa kuingia nchini. Alipitisha kidole gumba juu yake, na wino ukamganda kidoleni.

Kuogopa kulimjia kwa uzito wote, na pamoja na woga kulikuja kitu kibaya zaidi: furaha. Kwa muda wa pumzi moja alifurahi, akasahau barua na kona ya pasi, akataka kukimbia nyumbani kumkumbatia. Kisha akampigia Dereva.

"Lile sanduku liko wapi?"

"Nimeshalifikisha, Da Msimbo, la kwanza kabisa. Nilitaka kulitua upesi, limenigandisha mpaka meno." Dereva hakuwa na utani kwenye sauti, jambo lisilokuwa la kawaida. "Kapokea kijana mmoja mwenye koti. Nikamwambia hakuna malipo, saini tu. Akasaini. Halafu akaniuliza jambo nisilolielewa."

"Kakuuliza nini?"

"Kaniuliza, 'Nani aliyeniandika?' Nikamwambia mimi nabeba tu, kaka, waandishi wako ofisini." Dereva alishusha sauti. "Da Msimbo, yule kaka alikuwa anatetemeka. Jua lote lile, na anatetemeka."

Msimbo alizitia nyaraka zote kwenye mkoba, akamwambia Mzee Fungua asitoke kwenye kompyuta yake leo kwa sababu yoyote, akaondoka bila kumuaga meneja.

Nyumbani kwa mama mlango ulikuwa umeegeshwa. Ndani mlikuwa na ubaridi wa jengo lisiloishi watu. Mama alikuwa sebuleni, amevaa nguo tatu moja juu ya nyingine na kujifunika blanketi, na midomo yake imepauka. Mezani mbele yake palikuwa na sahani ya chakula iliyofunikwa na nyingine. Mvuke haukutoka. Sanduku la bati lilikuwa sakafuni, limefunguliwa, na kandambili hazimo.

Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umefungwa. Nyuma yake mtu alikuwa akitembea, akiburuta miguu, kutoka dirishani hadi kitandani, kutoka kitandani hadi dirishani.

"Umekuja," mama alisema. Hakucheka safari hii. "Ndugu yako hali. Nimempikia, hali. Nimemwambia alale, halali. Nimemfunika kwa kila kilichomo humu ndani, na bado meno yanagongana." Alivuta blanketi. "Kila nikimuuliza shida nini, naye ananiuliza nani aliyemwandika. Ananiambia, 'Mama, nilikuwa nimeshapumzika. Kuna mtu ameniandika kwamba narejea, ikabidi nije.' Ni maneno gani hayo?"

Msimbo alipiga magoti.

"Ni mimi, mama. Mimi ndiye niliyemwandika."

Hatua kule chumbani zikasimama.

Akasema yote. Alisema kuhusu mfuko wa plastiki, barua, mlango wa chumba cha kugandishia. Alisema kuhusu ile mistari miwili, na ujumbe wa simu, na jinsi alivyotaka mama asisome peke yake jikoni. Alisema alikuja siku ya mapumziko na maneno mdomoni akaondoka nayo. "Nilidhani nakuondolea," alisema. "Nilitaka usitozwe. Sikukuondolea kitu, nilikusogezea tu mlangoni."

Machozi yalimtoka mama bila sauti na hakuyafuta.

"Nilijua alipoingia," alisema hatimaye. "Mimi nimemzaa. Nilimshika mkono nikajua huu si mkono wa mtu aliye hai. Lakini nikasema, kama mwenyewe hasemi, nami sisemi. Nikae naye hivyohivyo. Baridi ningeizoea." Alitazama mlango wa chumba. "Lakini anateseka, mwanangu. Mtoto wangu anateseka, na mimi nafurahia kumwona. Mama gani huyo?"

"Ni mama tu," alisema Msimbo.

"Kuna njia ya kulisahihisha hilo andiko lako?"

Njia ilikuwepo. Tamko ambalo limekwisha kuruhusiwa karani hawezi kulibadilisha mwenyewe. Huombwa marekebisho, sababu ikaandikwa, ushahidi ukaambatanishwa, na afisa ndiye anayekubali. Msamaha wa marehemu unataka cheti cha kifo, orodha ya vitu, na tamko la mrithi kwamba vitu hivi vilikuwa vya marehemu na vimemfikia kwa haki. Lazima mrithi atie saini mwenyewe. Msimbo alitoa karatasi kwenye mkoba, akaigeuza kwa mama, akamwonyesha mahali.

Mama alishika kalamu kwa vidole vilivyokufa ganzi. Penye uhusiano na marehemu aliandika *mama*. Akatulia. Kule chumbani palikuwa kimya kabisa, ule ukimya wa mtu anayesikiliza akiwa amesimama nyuma ya mlango. Kisha mama akatia saini, kubwa na mbaya, ya mtu asiyezoea kuandika.

Msimbo alipiga picha kila karatasi, akazituma, akaingia kwenye mfumo kwa simu yake. Penye sababu ya marekebisho aliandika: *Karani alichagua msamaha usio sahihi kwa makusudi.* Alijua neno lile la mwisho litamletea nini kazini, na aliliacha. Halafu akampigia Mzee Fungua.

"Marehemu?" Mzee Fungua alifoka. "Binti, mimi nimemwona! Kasaini mbele yangu!"

"Soma tarehe ya cheti, mzee."

Msimbo alisikia miwani ikivuliwa, ikivaliwa tena. Alisikia kiti kikilia. Aliposema tena, Mzee Fungua alikuwa na sauti ya mtu mwingine, mdogo.

"Alinishukuru," alisema. "Nilipogonga stempu alinishukuru. Nilidhani anashukuru kwa sababu nimemaliza haraka."

"Kubali marekebisho, mzee. Tafadhali."

Ilisikika tu kibodi ikigongwa, herufi moja moja, kwa kidole kimoja, kama anavyogonga siku zote.

Simu ya mama ikatoa mlio juu ya meza, kando ya sahani. Mama aliichukua. Miwani ilikuwa kifuani mwake, lakini hakuivaa. Alimnyooshea Msimbo simu.

"Nisomee."

"Mama..."

"Nisomee kwa sauti. Na yeye asikie."

Msimbo aliipokea. Maneno yalikuwa machache, ya mfumo usiojua lolote, na ilimbidi ayavute moja baada ya jingine kutoka mahali alipokuwa ameyafungia tangu siku ile ya mzani.

"Tamko lako limerekebishwa," alisoma. "Aina ya mzigo..." Aliinua sauti. "Aina ya mzigo: mali ya marehemu. Msamaha umekubaliwa. Malipo mlangoni: hakuna. Hakuna kinachodaiwa."

Ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, ameinama juu ya simu ya mama yake, vile alivyopaswa kulia tangu mwanzo.

Mama aliinuka. Blanketi lilimwanguka mabegani, hakuliokota. Alijikokota hadi kwenye mlango wa chumba cha nyuma, akauwekea kiganja, na paji la uso akaliegemeza palepale, akasema kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia zamani, mtoto akikataa kulala.

"Umesikia, baba? Hudaiwi kitu. Nenda kapumzike."

Ndani mtu aliburuta kandambili hatua mbili, tatu, kuelekea dirishani. Hawakusikia ya nne. Joto la mchana liliingia polepole kupitia kwenye mlango wa mbele, na mama alipofungua chumba walikuta kitanda hakijalaliwa, shuka bado lina mikunjo yake ya dukani, na koti limetundikwa kwenye msumari, likichuruzika maji sakafuni.